Bhajia 17 zimekuwa 18: kusafisha chembe na kuongeza dania kwenye picha ya menyu bila kubadilisha kipimo cha sahani

Mwongozo huu unafuata sahani moja tu, bhajia za viazi, kwa sababu hakuna chakula cha Nairobi kinachomsumbua mrekebishaji wa picha kama hicho. Bhajia humwaga chembe kila inapoguswa, sahani nyeupe haifichi kitu, na lundo zima huwa na rangi moja ya dhahabu hadi mtu atamani kijani cha dania kabla hata hajamaliza kusafisha. Majina ya zana nitakayotaja ni ya Photoshop. Mwenye GIMP atapata Heal na Clone, na mengi ya hapa yatamfaa vilevile.

Sahani yenyewe ni ya hoteli ya Ngara. Oda moja ni gramu 250 za bhajia kwenye sahani ya sentimita 26, kikombe kidogo cha kachumbari na kipande cha ndimu. Picha ilipigwa kando ya dirisha, mwanga ukitoka kushoto, kamera ikiwa juu ya tripodi na kuinama kiasi cha jinsi mteja aliyeketi anavyoiona sahani. Ukihesabu bhajia zinazoonekana juu ya lundo, ni 17. Nyingine ziko chini yake. Namba hiyo 17 iandike kwenye karatasi kabla hujafungua brashi yoyote, maana ndiyo itakayokuokoa baadaye.

Faili halisi ibaki jinsi ilivyo. Fungua leya mpya tupu juu yake, na kwenye kila zana ya kusafisha chagua Sample: Current & Below (Spot Healing Brush na Content-Aware Fill zina kisanduku cha Sample All Layers badala yake). Kila unachopaka kitakaa kwenye leya hiyo tupu, na ukikosea utafuta kwa raba bila kupoteza picha.

Dalili: chembe zimetoka, lakini bhajia zimeongezeka

Hii ndiyo mbaya kuliko zote na ndiyo isiyoonekana kirahisi. Mwenye hoteli aliangalia rasimu ya kwanza ya menyu na kumuuliza mbunifu, “Kijana wangu, hii bhajia ya hapa pembeni ni ya nani? Mimi sikuikaanga.” Kijana naye hakuiweka. Iliwekwa na Content-Aware Fill.

Zana hiyo, pamoja na Spot Healing Brush ikiwa kwenye Content-Aware, haijui chakula. Inatafuta sehemu nyingine ya picha inayofanana na kingo za pale ulipochagua, kisha inaleta nakala yake. Chembe iliyo katikati ya sahani tupu itazibwa kwa weupe wa sahani, na hapo hakuna neno. Chembe iliyo chini kabisa ya lundo, ikigusana na bhajia, ina kingo za dhahabu upande mmoja, kwa hiyo zana inakwenda kuchukua dhahabu. Mahali palipokuwa na vumbi la unga wa dengu pameota nusu bhajia.

Ukiifungua kupitia Edit > Content-Aware Fill utaona sehemu ya picha imepakwa kijani. Kijani hicho ndicho ghala inakochukua nakala. Chukua Sampling Brush Tool ikiwa kwenye alama ya kutoa, ufute kijani chote kilicho juu ya bhajia, ndimu na kikombe, ubakize sahani peke yake. Ikiwa chembe imeshikana kabisa na bhajia, achana na zana hiyo. Tumia Clone Stamp yenye brashi ndogo, uchukue sampuli kwenye sahani palepale karibu, ukipaka kutoka nje kuelekea bhajia na kuacha unapofika ukingo wake.

Sasa hakikisha. Kuhesabu kwa macho kunasaidia, ila kuna njia kali zaidi. Nakili picha halisi, iweke juu ya leya zote, kisha badilisha namna ya kuchanganya iwe Difference. Skrini itakuwa nyeusi mahali pote ambapo hakuna kilichobadilika. Mabadiliko madogo huwa hafifu hata jicho lisiyaone, kwa hiyo weka leya ya Levels juu kabisa na usogeze kidude cheupe kuelekea kushoto mpaka madoa yajitokeze. Madoa juu ya sahani tupu ni chembe ulizoondoa. Doa lolote lililo ndani ya lundo, au linalopanua ukingo wa lundo, lirudie na ulitolee maelezo. Kwenye picha ile ya Ngara doa moja lilikuwa refu kama kidole, upande wa kulia wa lundo, na ndiyo ile bhajia ya 18.

Dalili: sahani ni safi, lakini bhajia zimepungua au zimekuwa laini kama plastiki

Hapa mrekebishaji amesafisha hata ambavyo si uchafu. Kabla ya kulaumu brashi, amua chembe ni nini. Mimi hufikiria mkono wa mpishi: kile ambacho angekifuta kwa kitambaa sahani ikiwa dirishani inasubiri mhudumu, hicho ni chembe. Bhajia iliyovunjika vipande viwili si chembe, kwa sababu mpishi hawezi kuitupa; imo kwenye zile gramu 250. Vile vitone vya unga vilivyokaangika na kuning'inia ukingoni mwa bhajia navyo ni bhajia. Ndivyo zinavyotoka kwenye karai, na mtu wa Ngara akiziona hazina vitone hivyo atajua si zenyewe. Doa jeusi kidogo la pilipili au dania ndani ya unga liache lilivyo.

Kinachoondolewa basi ni vumbi la unga kwenye weupe wa sahani, matone ya mafuta pembeni, alama ya kidole, na labda punje ya chumvi iliyong'aa kama kioo. Hicho tu.

Kama uso wa bhajia wenyewe umekuwa laini, sababu karibu kila mara ni kupitisha Healing Brush mara nyingi mahali pamoja. Kila pito inachanganya rangi za kando, na chengachenga za uso zinapotea. Usijaribu kuurekebisha ulaini huo. Futa sehemu hiyo kwenye leya ya kusafisha, picha halisi itokee chini yake, na uanze tena kwa pito moja.

Dalili: palipokuwa na chembe pamebaki ukungu wa kijivu

Ukiona ukungu huo kwenye mdomo wa sahani, pale weupe unapokutana na meza ya mbao, sababu ni moja. Healing hailingani na Clone. Clone inanakili sampuli ilivyo, Healing inanakili umbile kisha inavuta rangi na mwangaza kutoka kando ya pale unapopaka. Brashi ikigusa meza kidogo tu, rangi ya mbao inavutwa ndani ya sahani, na ukingo unakuwa kama umefutwa kwa kitambaa kichafu.

Kwenye ukingo, tumia Clone Stamp peke yake. Chukua sampuli kwenye mdomo uleule wa sahani, sentimita chache mbele au nyuma, uulinganishe mstari wa ukingo na mstari wa ukingo kabla ya kubonyeza. Ugumu wa brashi ufanane na ukali wa ukingo pale: mbele ambapo picha ni kali, brashi iwe ngumu zaidi, nyuma ambapo ukingo umefifia, brashi laini. Mdomo wa sahani umepinda, kwa hiyo paka vipande vifupi vifupi. Ukivuta mrefu mstari utatoka nje ya duara.

Ikiwa ukungu uko katikati ya sahani, mbali na ukingo wowote, basi uliondoa chembe ukasahau kivuli chake. Mwanga wa dirisha kutoka kushoto unaacha mkia mwembamba upande wa kulia wa kila chembe. Chagua chembe pamoja na mkia wake kwa mara moja. Matone ya mafuta ni yale yale, isipokuwa yana pia nukta nyeupe ya mng'ao, nayo huwa ya mwisho kuonekana na ya kwanza kuonwa na mteja.

Kuna anayechoka na mambo haya akaamua kukata picha, mdomo wote mchafu wa sahani uende nje ya fremu. Sipendi. Ukingo wa sahani ndio kipimo pekee alichonacho mteja cha kujua lundo ni kubwa kiasi gani. Bhajia zilezile zikijaza fremu hadi pembeni, bila sahani kuonekana, zinasomeka kama nusu kilo. Kama mdomo ni mchafu mno, pamba ya masikio na maji yenye siki kidogo vingemaliza kazi kwa dakika moja kabla ya kupiga.

Dalili: mteja anasema picha ina kitu ambacho sahani haina

Hili halitatuliwi kwenye kompyuta. Ni suala la kukubaliana na jikoni, na linatakiwa lije kabla hujaweka jani moja.

Tenganisha mapambo na chakula. Kachumbari si pambo. Mteja anaila, anaihesabu, akiikosa anaiuliza. Ndimu vilevile, kwa sababu atakamua. Vitu hivyo kwenye picha viwe vilivyopigwa kwenye oda halisi: vijiko vile vile vya kachumbari, kipande kile kile cha ndimu. Usivichote kutoka picha nyingine, na usikijaze kikombe cha kachumbari kwa Clone Stamp hata kama kinaonekana kimepwaya. Kama kinapwaya, ndivyo kinavyouzwa.

Pambo ni yale majani machache ya dania juu ya lundo. Hata hayo yaruhusiwe tu kama mpishi atayaweka kwenye kila oda. Mwulize moja kwa moja, “Mpishi, Jumamosi jioni watu wakijaa, dania utaiweka?” Akicheka, usiiweke kwenye picha. Katiba ya 2010, Ibara ya 46, inampa mteja haki ya kupata taarifa zinazohitajika ili anufaike kikamilifu na anachonunua, na Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012 inakataza maelezo ya uongo au ya kupotosha kuhusu bidhaa. Menyu nayo ni maelezo. Lakini kwa ukweli, kabla ya sheria kuna mhudumu anayesimama mezani akielekezewa kidole kwenye picha, naye hana jibu.

Dalili: dania ni ya kweli, lakini lundo limekuwa kubwa au dogo kuliko lilivyo

Hapa ndipo panapostahili muda, kwa sababu pambo lisilo na saizi sahihi linadanganya kuhusu kipimo bila wewe kugusa bhajia hata moja. Jicho linajua jani la dania lina ukubwa gani. Ukiweka jani dogo mno, bhajia zinaonekana kama viazi vizima vilivyokatwa. Ukiweka kubwa mno, sahani nzima inakuwa ya mtoto.

Dawa ni hesabu fupi. Kwenye picha ile, upana wa sahani kutoka ukingo hadi ukingo ulikuwa pikseli 3,120. Sahani ni sentimita 26. Gawanya, upate pikseli 120 kwa kila sentimita. Jani la dania litakalotumika jikoni, lipime kwa rula: tuseme sentimita 2. Basi kwenye picha liwe na upana wa pikseli 240, basi. Ukilipata limefikia 400, ujue umelivuta kwa sababu lilipendeza, na lundo lote limesinyaa.

Halafu kuna kuinama. Sahani ni duara, lakini kwenye picha ni yai, kwa sababu kamera imeitazama kwa mshazari. Kimo cha yai hilo kilikuwa pikseli 2,200. Gawanya 2,200 kwa 3,120, unapata takriban 0.7, yaani kamera iliinama karibu nyuzi 45. Chochote cha bapa kilicholala sawa na sahani lazima kibanwe kwa kiasi hicho hicho: jani la pikseli 240 kwa upana na 240 kwa kimo litakuwa na kimo cha takriban 170. Ukilitoa kwenye picha iliyopigwa kutoka juu moja kwa moja na kulibandika bila kulibana, litasimama kama stempu iliyogandishwa kwenye skrini. Majani yaliyoegemea bhajia hayafuati hesabu hii kamili, maana yana mwinamo wake, lakini inakupa mahali pa kuanzia. Vitu vya nyuma ya sahani navyo viwe vidogo kidogo kuliko vya mbele.

Njia iliyo rahisi kuliko hesabu yote hii ni kupiga picha ya pili. Tripodi isisogezwe, mwanga uleule, mpishi aweke dania juu ya bhajia zilezile, upige tena. Sasa saizi, mwinamo na kivuli vimejipanga vyenyewe. Wewe unachukua majani tu kwa kinyago cha leya. Wenye hoteli wengi huamua habari ya dania wiki mbili baada ya upigaji, kwa hiyo mimi huomba picha ya pili hata kama hakuna aliyeitaja.

Jambo la mwisho kwenye dalili hii ni mahali pambo linapokaa. Chora mstari kwa Pen Tool kuzunguka ukingo wa lundo kwenye picha halisi, uuhifadhi. Ukimaliza kuweka dania, uite mstari huo tena. Majani yakiwa ndani yake, sawa. Yakitoka nje, yamerefusha lundo. Yakikaa kwenye pengo kati ya bhajia mbili, yameziba mahali palipokuwa sahani tupu, na mteja atadhani chini ya majani kuna bhajia nyingine. Kampuni ya supu ya Campbell ya Marekani iliwahi kubanwa na tume ya biashara ya huko, karibu na mwaka 1970, kwa sababu kwenye matangazo gololi za kioo ziliwekwa ndani ya bakuli, chini ya supu, ili nyama na mboga zijitokeze juu. Hakuna kipande kilichoongezwa kwenye supu. Kilichobadilishwa ni kile ambacho jicho lilikisia kuhusu kisichoonekana, na majani juu ya pengo yanafanya kazi hiyo hiyo.

Dalili: dania inaelea

Saizi ni sawa, mahali ni sawa, lakini jani halijagusa bhajia. Mara nyingi kivuli hakipo, au kipo kimoja wakati vinatakiwa viwili. Cha kwanza ni chembamba na cheusi zaidi, palepale jani linapogusa. Cha pili ni kipana na hafifu, kinaelekea upande ulio mbali na dirisha. Hapa kwetu, kulia.

Fungua leya mpya chini ya jani, iwe Multiply. Usitumie rangi nyeusi. Chukua Eyedropper Tool na ubonyeze kwenye kivuli cha kweli kati ya bhajia mbili. Utapata kahawia nzito yenye wekundu kidogo. Paka kivuli cha mguso kwa brashi ndogo, kisha leya nyingine kwa kile kipana, ukiififisha kwa Gaussian Blur mpaka ulaini wake ufanane na kivuli cha kikombe cha kachumbari. Kikombe hicho ndicho mwalimu wako: kiko kwenye picha, mwanga wake ni wa kweli, na kivuli chake kinaonyesha mwelekeo na ulaini wote unaouhitaji.

Kama bado jani linaelea, angalia ukali. Bhajia za nyuma zimefifia kwa sababu lenzi imelenga za mbele. Jani kali juu ya bhajia iliyofifia halitatulia hata ukiliwekea vivuli kumi. Lififishe kiasi cha jirani yake, au lisogeze mbele.

Dalili: kwenye skrini dania ni kijani, kwenye karatasi ni kama majani makavu

Wino wa CMYK haufikii kijani kikali ambacho skrini inaonyesha, na menyu nyingi za mjini huishia kwenye mashine ya kuchapa, si kwenye simu. Kabla ya kupeleka faili kwa wachapaji wa River Road, chagua View > Proof Setup > Working CMYK, kisha washa Proof Colors kwa Ctrl+Y. Kama una faili ya rangi kutoka kwa mchapaji wako, itumie hiyo kupitia Custom. Washa pia Gamut Warning. Sehemu zitakazopakwa kijivu ni rangi ambazo mashine haitaziweza.

Kwa kawaida kijivu hicho kitakaa juu ya dania peke yake. Punguza ukolezi wa kijani kwa Hue/Saturation iliyofungwa kwenye leya ya dania, mpaka kijivu kipotee, na usiguse bhajia. Anayeongeza ukolezi wa picha nzima ili kuokoa majani anaigeuza dhahabu ya bhajia kuwa ya machungwa, na hapo zitaonekana zimepakwa rangi ya chakula. Omba uchapishwe ukurasa mmoja wa majaribio kwenye karatasi ileile, uupeleke jikoni na kuuweka kando ya sahani iliyotoka sasa hivi. Mpishi ndiye auangalie kwanza.